Jinsi ya kuseti moduli ya peiroli mpaka ikubaliane na leja kuu

Watu wengi wanaanza kuseti peiroli kwa kuingiza majina ya wafanyakazi, mimi nakushauri usiguse majina kabisa kwanza. Anzia kwenye leja. Fungua chati ya akaunti uhakikishe zipo hizi: gharama ya mishahara, gharama ya mchango wa mwajiri, kodi inayodaiwa, pensheni inayodaiwa, mikopo ya wafanyakazi, na mishahara halisi inayodaiwa. Hiyo ya mwisho watu huiruka wanaposti moja kwa moja benki, halafu mtu mmoja malipo yake yakirudi benki hawajui pa kuyaweka.

Hatua ya pili ni muundo wa mshahara. Hapa ni mpangilio tu, yaani nini kinahesabiwa kabla ya nini. Tuchukue mfanyakazi mmoja, namba ni za mfano tu, viwango vyako utaweka vya sheria ya kwenu. Mshahara wa msingi 2,400, posho 600, jumla 3,000. Pensheni 10% anakatwa yeye na 10% nyingine anatoa mwajiri. Kodi tuseme 1,000 ya kwanza haina, inayobaki ni 20%, na sheria inaruhusu pensheni ya mfanyakazi itoke kabla ya kodi. Fomula zikae kwa mpangilio huu:

```
JUMLA    = MSINGI + POSHO
PENSHENI = JUMLA * 0.10
KODI     = (JUMLA - PENSHENI - 1000) * 0.20
```

Kodi inakuja 340. Ukiiweka kodi juu ya pensheni kwenye orodha, baadhi ya sistimu zitasoma pensheni kama sifuri na kodi itakuwa 400, kwa hiyo umemkata mtu 60 isiyo halali kila mwezi na hakuna era yoyote itakayotokea kwenye skrini. Ndiyo maana lazima uchukue kalkuleta upige slipu moja kwa mkono kabla ya kuendelea, na upige pia ya mtu ambaye mshahara wake hauvuki 1,000, maana fomula kama hiyo hapo juu inaweza kutoa kodi hasi kama hujaizuia isishuke chini ya sifuri.

Sasa mchango wa mwajiri. Huu uuseti kama kipengele kinachoonekana lakini hakiingii kwenye hesabu ya mshahara wa mkononi. Mfanyakazi wetu ana mkopo wa ofisi anakatwa 200, kwa hiyo anapokea 3,000 toa 300 toa 340 toa 200, sawa na 2,160. Ukiona 1,860 ujue umemkata na mchango wa mwajiri.

Hatua ya tatu, unganisha kila kipengele na akaunti yake. Ingizo la huyu mtu liwe hivi: debiti gharama ya mishahara 3,000 na gharama ya mchango wa mwajiri 300, krediti pensheni inayodaiwa 600, kodi inayodaiwa 340, mikopo ya wafanyakazi 200 na mishahara inayodaiwa 2,160. Pande zote 3,300. Lakini kubalansi peke yake kusikutulize, maana ile 200 ukiielekeza kwenye akaunti ya deni la kampuni badala ya mikopo ya wafanyakazi ingizo linabalansi vizuri tu, ila mkopo wa mtu kwenye leja haupungui hata aukatwe mwaka mzima.

Hatua ya nne ni kulinganisha, kila mwezi, kabla hujalipa mtu. Toa ripoti ya peiroli yenye jumla ya kila kipengele, toa na miamala ya mwezi huo kwenye leja, uziweke ubavuni akaunti kwa akaunti. Tofauti ikitokea usikimbilie kurekebisha, angalia kwanza iko kwenye akaunti ngapi. Ikiwa akaunti moja au mbili tu, ni kipengele kilichounganishwa vibaya au mtu ameingiza kitu kwa mkono, basi chuja miamala isiyotoka kwenye peiroli utamkuta. Ikiwa akaunti zote kwa pamoja, tatizo ni kuposti.

Hii ya pili ilinisumbua siku mbili nzima. Kwa namba za mfano wetu, leja ilizidi kodi 340, pensheni 600, mikopo 200, mishahara inayodaiwa 2,160, nikawa natafuta kila moja kivyake. Kumbe ukiziangalia pamoja ni slipu ya mtu mmoja, aliacha kazi, slipu yake ikafutwa kwenye peiroli baada ya kupostiwa na ingizo la leja likabaki palepale. Dawa yake ni kuligeuza ingizo lile lote, debiti iwe krediti na krediti iwe debiti, kwa tarehe ya mwezi huohuo kama bado haujafungwa, usiandike ingizo la kurekebisha kodi peke yake, halafu ondoa ruhusa ya kufuta slipu ambayo imeshapostiwa.

Ukishalipa kodi, pensheni na mishahara, akaunti hizo tatu zirudi sifuri. Kinachobaki kiwe na jina la mtu na mwezi wake.