Maswali ya binomia na normo kwa jedwali: jua kwanza jedwali lako linakupa nini

Nafundisha takwimu na nasahihisha mitihani ya majaribio, na maksi nyingi naona zinapotea hapa hapa kwenye kusoma jedwali. Mwanafunzi fomula anaijua vizuri tu, ila namba anaichukua sipo. Basi leo tunachukua swali moja la mbegu tulifanye mpaka mwisho, ukilielewa hilo mengine ni kubadilisha namba.

Swali lenyewe: uwezekano wa mbegu moja kuota ni 0.7 na kila mbegu inaota bila kutegemea nyingine. (a) Zikipandwa 20, tafuta uwezekano kwamba zitaota angalau 12. (b) Tafuta uwezekano kwamba zitaota kati ya 12 na 16, zote mbili zikihesabiwa. (c) Zikipandwa 100, kadiria uwezekano kwamba zitaota zisizozidi 62.

Hatua ya 1: tambua jedwali

Kabla hujagusa swali fungua kijitabu cha majedwali uangalie aina, kwa sababu hayafanani. Kwenye la binomia teremsha macho kwenye safu moja kutoka juu kwenda chini. Namba zikipanda mpaka 1.0000 basi hilo linakupa P(X ≤ x), yaani zimeshajumlishwa kuanzia 0. Zikianza na 1.0000 halafu zinashuka, hilo ni P(X ≥ x). Zikipanda kisha zikashuka katikati, kila namba ni ya x moja peke yake, P(X = x), na kujumlisha ni kazi yako.

La normo nalo angalia z = 0.00. Ukikuta 0.0000 jedwali linapima eneo kutoka katikati mpaka z, kwa hiyo eneo lote la kushoto unalipata kwa kuongeza 0.5. Ukikuta 0.5000 na namba zinazofuata zinapanda, ni eneo lote la kushoto, zikishuka ni mkia wa kulia. Sekunde kumi tu hizo, usiziruke hata kama jedwali unalifahamu, maana la darasani na la chumba cha mtihani si lazima yawe aina moja.

Hapa natumia lile linalopanda, P(X ≤ x), na la normo la eneo la kushoto.

Hatua ya 2: p ikizidi 0.5, geuza swali

Ukitafuta n = 20 na p = 0.7 majedwali mengi hayana, yanaishia 0.5. Hapo ndo watu wanashtuka, wengine wanakimbilia fomula na kujumlisha vipande tisa, muda unaisha. Huna haja. Badala ya kuhesabu zinazoota hesabu zisizoota, uziite Y, p yake sasa ni 0.3 nayo ipo.

Ila ukigeuza p lazima na namba igeuke na alama igeuke, vyote vitatu kwa pamoja. Zikiota angalau 12 kati ya 20, maana yake zisizoota hazizidi 8. Andika hivi kwenye karatasi, msahihishaji aone:

P(X ≥ 12) = P(Y ≤ 8)

Sasa nenda n = 20, safu ya 0.30, mstari wa 8, utakuta 0.8867. Jibu la (a) hilo, huhitaji kutoa kwenye 1 wala nini.

Kosa ninalolikuta sana ni mtu kugeuza p tu halafu akaiacha 12 ilivyo, anasoma P(Y ≤ 12) anapata 0.9987. Ukibaki na wasiwasi na kugeuza kwako jaribu namba moja kwa mkono: zikiota 12 hasa zisizoota ni 8, zikiota 13 zisizoota ni 7, kwa hiyo X ikipanda Y inashuka, na mpaka wako ni 8. Halafu linganisha na wastani, 20 × 0.7 = 14. Kumi na mbili iko chini ya wastani kwa hiyo kupata angalau 12 lazima kuzidi nusu, ukiona umepata 0.1133 ujue umetoa kwenye 1 pasipotakiwa.

Hatua ya 3: maswali ya "kati ya"

Sehemu ya (b): X kutoka 12 mpaka 16 ni Y kutoka 4 mpaka 8. Jedwali linajumlisha kuanzia 0, so tunachukua mpaka 8 halafu tunaondoa tusizozitaka, ambazo ni 0, 1, 2 na 3. Tunatoa ya 3, si ya 4!

P(Y ≤ 8) − P(Y ≤ 3) = 0.8867 − 0.1071 = 0.7796

Ukitoa ya 4, ambayo ni 0.2375, unapata 0.6492 na hapo umeitupa Y = 4 wakati swali limesema ihesabiwe. Mimi huwa nawaambia waandike pembeni namba zinazotakiwa, 4 5 6 7 8, halafu wazungushe ya kwanza, inayotolewa ni ile iliyo nyuma yake.

Hatua ya 4: n ikiwa kubwa, hamia normo

Kwa mbegu 100 tunakadiria. Angalia kwanza kama inaruhusiwa: np = 70 na n(1 − p) = 30, zote zinazidi 5, tuendelee. Hapa hatuhitaji kugeuza p, normo haijali.

Wastani = 70, varianzi = 100 × 0.7 × 0.3 = 21, mkengeuko sanifu = √21 = 4.583. Tafadhali gawanya kwa 4.583, usigawanye kwa 21, hilo nalo linakula maksi za watu kila siku.

Halafu kuna lile sahihisho la nusu. Binomia inaruka 61, 62, 63 lakini normo ni mstari usiokatika, kwa hiyo 62 kwenye normo inachukua nafasi kutoka 61.5 mpaka 62.5. Swali linasema zisizozidi 62, yaani 62 yenyewe imo, basi tunaenda mpaka ukingo wake wa juu, 62.5. Lingesema chini ya 62, tungeishia 61.5. Jiulize tu namba ya mpakani imo au haimo, ikiwemo ichukue nzima.

z = (62.5 − 70) / 4.583 = −1.64

Jedwali langu halina z hasi. Chora mkunjo hata kwa haraka haraka, weka alama kushoto kwa katikati, tia kivuli mkia wa kushoto. Mkunjo unafanana pande zote mbili kwa hiyo mkia huo ni sawa na wa kulia wa 1.64. Soma mstari wa 1.6, safu ya 4: 0.9495.

P(X ≤ 62) ≈ 1 − 0.9495 = 0.0505

Bila ile nusu ungepata z = −1.75 na jibu 0.0401, ona tofauti ilivyo kubwa. Na ukimaliza rudi kwenye mchoro wako: kivuli ni kidogo, 0.0505 nayo ni ndogo, vinaendana. Ukiwa umeandika 0.9495 kama jibu, mchoro utakuonyesha hapo hapo kabla hujafungua ukurasa mwingine.