Ratiba ya ng'ombe wa maziwa: anza na saa ya jamaa wa maziwa halafu hesabu kurudi nyuma

Mi nafugia Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, nina ng'ombe mmoja anayekamuliwa, chotara, kwa siku anatoa kama lita 12. Jamaa wa pikipiki anayekusanya maziwa anapita njia panda saa 1 kamili asubuhi mara moja tu kwa siku, ukimkosa ndo basi. Kwa hiyo ratiba yangu yote inaanzia hapo.

Hatua ya 1: hesabu kurudi nyuma. Kutoka kwangu mpaka njia panda ni dakika 15, natoka saa 12 na dakika 40. Kuchuja na kufunga keni dakika 10, kukamua na kuosha kiwele dakika 15, maana yake naanza saa 12 na robo. We weka dakika zako. Usikamue saa 10 alfajiri eti uwe umeshamaliza mapema, maziwa yanatoka na joto la mwili wa ng'ombe na kwa joto letu hili wadudu wanazaliana haraka sana, hesabu masaa mawili tu toka kukamua hadi yafike kwenye ubaridi, na jamaa naye ana safari yake ya kwenda kituoni.

Hatua ya 2: usafi kabla, sio wakati wa kukamua. Saa 11 na nusu nazoa kinyesi na kumwaga maji bandani ili vumbi na harufu vitulie. Halafu naosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, nakausha kwa kitambaa safi, natoa michirizi miwili mitatu ya kwanza kwenye kikombe cheusi nikague kama kuna mabonge. Ukishaosha usiende tena kutafuta ndoo! Kule kugusa kiwele ndo kunamfanya aachie maziwa na anaachia kwa dakika chache tu, kama tano hadi nane hivi, ukichelewa yanabaki ndani na kesho unashangaa yamepungua.

Hatua ya 3: chakula. Pumba na mashudu ya pamba nampa wakati wa kukamua, nusu asubuhi nusu jioni, anatulia. Matete nampa nikimaliza tu kukamua, kwa sababu tundu la chuchu linabaki wazi kama nusu saa na akilala kwenye uchafu muda huo anapata ugonjwa wa kiwele kirahisi, sasa akiwa na majani mbele yake anasimama mwenyewe. Saileji pia ni baada ya kukamua, ukimpa kabla harufu inaingia kwenye maziwa. Mchana jua likiwa kali halagi sana, anacheua kivulini, hivyo mzigo mkubwa wa majani naweka jioni ale usiku. Maji yawepo muda wote.

Hatua ya 4: maziwa ya jioni. Hapa ndo wengi tunapoteza hela. Jioni nakamua saa 10 na nusu, sio saa 12. Toka asubuhi ni masaa 10 na robo, na usiku inakuwa masaa 13 na dakika 45, kwa hiyo asubuhi napata lita 7 za jamaa na jioni 5. Yaani maziwa mengi yanaangukia kwa mteja wa uhakika. Hizo 5 wanachukua majirani na mama wa chai kuanzia saa 11 jioni, wanajua muda wangu, wanakuja na vyombo vyao. Zikibaki nachemsha, nagandisha mgando.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nayalaza ya jioni kwenye ndoo ya maji nachanganya na ya asubuhi ili keni ijae. Siku moja jamaa akachota kidogo, akaweka na spiriti kiasi kilekile kwenye kichupa, akatikisa, akanionyesha: punje nyeupe ndogondogo zimeng'ang'ania kwenye kioo, kama uji uliokatika. Maziwa mazuri yanashuka laini bila punje. Keni nzima ikarudi nyumbani, na yale ya asubuhi yalikuwa mazima kabisa, yameharibiwa na ya jana. Toka hapo sichanganyi.

Akichelewa: simamisha keni kivulini kwenye beseni la maji ya kisima, funika na gunia bichi. Inasogeza muda kidogo tu, sio friji.

Akibadilisha saa: usimrushe ng'ombe saa nzima kwa siku moja, sogeza dakika 15 kila siku pamoja na chakula chake, saa nzima inaisha siku nne. Ukikuta chuchu zinadondosha maziwa kabla hujafika, au analia mlangoni, ujue umemchelewesha, rudisha nyuma robo saa umwangalie siku mbili tatu.