Kupima dai la kiwango cha bidhaa mbovu: hatua kwa hatua

Tuchukue shehena ya balbu 10,000 ambayo muuzaji wake anadai kwamba mbovu hazizidi asilimia 4. Umechota balbu 400 na kuzijaribu, ukakuta 24 haziwaki, yaani asilimia 6. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya kubahatisha tu, nasi tunataka kujua kama bahati peke yake inatosha kuieleza.

Hatua ya kwanza ni kuandika dhana mbili kabla ya kuhesabu chochote. Dhana ya msingi inampa muuzaji haki yake, na dhana mbadala inasema ubovu umezidi dai; p ni uwiano wa balbu mbovu katika shehena nzima:

H0: p = 0.04
H1: p > 0.04

Papo hapo chagua hatari unayoikubali ya kulikataa dai lililo kweli, kwa mfano asilimia 5. Ukingoja matokeo kwanza, utajikuta unachagua kiwango kinachokupendeza.

Hatua ya pili ni kuangalia kama mkunjo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, unafaa kukadiria uwezekano. Iwapo dai ni kweli, tunatarajia balbu mbovu 400 × 0.04 = 16 na nzima 384, na kwa kuwa zote mbili ni zaidi ya 10, tunaweza kuendelea. Hakikisha pia kwamba sampuli imetoka katika katoni nyingi, kwa sababu balbu za katoni moja huharibika pamoja, na hesabu hii hudhani kwamba kila moja inajitegemea.

Hatua ya tatu ni kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi uwiano wa sampuli unavyotawanyika kwa bahati, na hapa ndipo wengi huteleza. Tunatumia uwiano unaodaiwa, wala si ule tuliouona, kwa kuwa swali letu ni namna sampuli zingetawanyika endapo muuzaji angekuwa anasema kweli. Kisha z inatuambia tofauti tuliyoiona ni sawa na makosa sanifu mangapi:

√(0.04 × 0.96 ÷ 400) ≈ 0.0098
z = (0.06 − 0.04) ÷ 0.0098 ≈ 2.04

Ukiweka 0.06 mahali pa 0.04 ndani ya kipeuo, z inashuka hadi 1.68, na ushahidi unaonekana dhaifu kuliko ulivyo.

Hatua ya nne ni uamuzi. Mpaka wa asilimia 5 kwa jaribio la upande mmoja ni 1.645, nasi tumeuvuka. Uwezekano wa kupata z ya 2.04 au zaidi, dai likiwa kweli, ni takriban 0.021. Tunalikataa dai. Kwa hatari ya asilimia 1, ambayo mpaka wake ni 2.326, tusingelikataa, ingawa hilo lisingethibitisha kuwa muuzaji ni mkweli.

Sampuli ikiwa ndogo, acha njia hii. Kwa balbu 50 zenye mbovu 5, mkunjo wa kawaida unatoa uwezekano wa 0.015, ilhali hesabu kamili ya mtawanyiko wa binomia, unaohesabu moja kwa moja uwezekano wa kila idadi ya mbovu, inatoa 0.049, kwa sababu mbovu zinazotarajiwa ni 2 tu na mtawanyiko umeinama sana upande mmoja.