Unafanya kazi huku unapokea pensheni ya Marekani? Piga hesabu hivi

Wengi ninaowasaidia ni Waafrika Mashariki walioanza kuchukua pensheni ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani wakiwa na miaka 62, lakini zamu za kutunza wazee hawakuziacha. Januari simu hazikatiki: "Mbona hela haijaingia benki?" Jibu ni kwamba kabla ya kufikisha umri wa pensheni kamili, kipato cha kazi kikizidi kikomo cha mwaka, sehemu ya pensheni huzuiwa.

Hatua ya 1: Jua umri wako wa pensheni kamili. Kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye, ni miaka 67. Tangu mwezi unaoufikisha, pata mshahara wowote, hukatwi.

Hatua ya 2: Jumlisha kipato kinachohesabika. Ni mshahara kabla ya makato, hata ile sehemu unayoweka kwenye 401(k). Aliyejiajiri anahesabu faida baada ya kutoa gharama. Riba ya benki na pensheni nyingine hazimo.

Hatua ya 3: Toa kikomo cha mwaka kwenye kipato hicho, kisha gawa kwa 2; hicho ndicho kiasi utakachokatwa. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 23,400. Angalia cha mwaka wako, maana hubadilika. Katika mwaka unaofikisha umri kamili, mambo hulegea: kikomo cha 2025 kilikuwa dola 62,160, unagawa kwa 3, na miezi iliyotangulia umri huo ndiyo pekee inayohesabiwa.

Tumchukue mama wa miaka 63, pensheni yake dola 1,200 kwa mwezi, aliyepata mshahara wa dola 31,400 mwaka 2025. Amezidisha dola 8,000, kwa hiyo anakatwa 4,000.

Hapa ndipo watu hushtuka. Yeye alitarajia kumegewa kidogo kidogo kila mwezi. Sivyo: Hifadhi ya Jamii huzuia malipo ya mwezi mzima mpaka deni litimie. Januari hadi Aprili hapati kitu, maana miezi mitatu ni dola 3,600 tu, haitoshi. Mwezi wa nne unafikisha 4,800. Mei malipo yanarudi, na zile 800 zilizozidi anarudishiwa Januari inayofuata.

Hatua ya 4: Wape Hifadhi ya Jamii makadirio ya kipato chako cha mwaka mapema, na uyarekebishe. Ukiongezewa zamu katikati ya mwaka, piga simu. Usiposema, watakuja kuliona kwenye W-2, na barua itakayokuja itakudai malipo uliyokwisha kuyatumia. Heri kukadiria juu kidogo.

Kama ndio mwaka wako wa kwanza wa pensheni, usiogope mshahara mkubwa ulioupata kabla ya kustaafu. Mwaka huo kuna kipimo cha mwezi: mwezi wowote ambao mshahara wako haukuzidi dola 1,950 (kwa 2025), nawe hukujishughulisha sana na biashara yako, unalipwa pensheni yote.

Hatua ya 5: Tunza kumbukumbu za miezi iliyozuiwa. Mama yetu akifika 67, pensheni yake itapigwa hesabu upya kana kwamba aliichukua miezi minne baadaye, hivyo malipo ya kila mwezi yatapanda. Barua ya marekebisho ikifika, linganisha idadi ya miezi na kumbukumbu zako.