Laptopu imekufa, maharusi wako njiani: nilivyopanga nyimbo za harusi upya kwenye simu

Saa 12:15 jioni, kwenye ukumbi mmoja Morogoro, laptopu yangu iliganda katikati ya wimbo. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha. Ikaleta kioo cheusi na maandishi meupe: `No bootable device`. Nilipoisogeza sikioni, diski ilikuwa inagonga tik, tik, tik. Fundi yeyote aliyewahi kuisikia sauti hiyo anajua maana yake. Kamati ilisema maharusi wataingia saa 1:30. Nilikuwa na simu ya Android yenye tundu la hedifoni, msaidizi mmoja na begi la waya.

Hatua ya 1: Rudisha muziki kwanza

Ukumbi ukinyamaza, watu wote wanageuka kukuangalia wewe. Nilimwambia dogo achomeke simu yake na apige chochote cha taratibu. Laptopu nikaifunga, nikaiweka chini ya meza. Diski ikishaanza kugonga, kila ukiiwasha unazidi kuiumiza, na nyimbo huzipati.

Hatua ya 2: Tafuta nyimbo za matukio tu

Kwenye laptopu nilikuwa na nyimbo zaidi ya elfu moja, lakini harusi haisimami kwa ajili ya nyimbo elfu moja. Inasimama pale maharusi wanaposimama mlangoni na wimbo wao haupo. Nilimfuata mshereheshaji, tukapitia ratiba, nikaandika matukio nyuma ya kadi ya mwaliko: kuingia, shampeni, keki, keki kwa wazazi, zawadi, maharusi kufungua muziki. Sita. Za chakula na za kucheza zingepatikana kwenye simu za watu.

Hatua ya 3: Chimba kwenye WhatsApp

Bibi harusi alikuwa amenitumia nyimbo zake wiki mbili kabla, na mimi nilizihamishia kwenye laptopu bila kuzifuta kwenye simu. Uvivu umeniokoa. Kwenye Android za sasa faili hizo ziko hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Audio
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Documents
```

Nne nilizipata hapo. Wa tano alikuwa nao kaka wa bibi harusi, akanirushia kwa Bluetooth. Wa sita, wa keki kwa wazazi, shangazi mmoja alikuwa nao kama sauti iliyorekodiwa kutoka redioni. Usipige kitu cha namna hiyo kwenye spika kubwa. Kwenye simu kinasikika vizuri, ukumbini kinakuwa kama mtu anaimba ndani ya pipa. Nilimwomba mshereheshaji amuulize bibi harusi kwa simu wimbo mwingine, akachagua mmoja niliokuwa nao tayari.

Angalizo: wimbo uliopakua ndani ya programu ya kusikilizia muziki unabaki humo humo. Huwezi kuuhamisha wala kuubadilisha jina, kwa hiyo huo utaupiga kutoka kwenye simu nyingine.

Hatua ya 4: Zipe namba kwa kuruka kumi kumi

Nilifungua folda mpya, nikabadilisha majina:

```
10_kuingia.mp3
20_shampeni.mp3
30_keki.mp3
40_keki_wazazi.mp3
50_zawadi.mp3
60_kufungua_muziki.mp3
```

Ukiandika 1, 2, 3 hadi 10, kuna programu zitakazoweka 10 mbele ya 2, kwa sababu zinasoma herufi moja moja. Pia ukiruka kumi kumi unabaki na nafasi katikati, na harusi zetu lazima zitaihitaji. Nikaifungua folda kwa VLC, nikapanga kwa jina.

Hatua ya 5: Waya, na hapa ndipo nilipokosea

Niliingiza simu kwenye mikisa, nikajaribu wimbo wa kuingia. Gitaa likasikika, mwangwi ukasikika, mwimbaji hayupo. Besi nayo imekonda. Mshereheshaji akaja mbio.

"Fundi, mwimbaji umempeleka wapi?"

Nilidhani faili limeharibika. Nikaweka hedifoni moja kwa moja kwenye simu: mwimbaji yupo, kasimama katikati kabisa. Basi tatizo ni waya.

Angalia jeki kubwa unayochomeka kwenye mikisa. Ikiwa na mstari mmoja mweusi, inabeba sauti moja. Ikiwa na mistari miwili, inabeba mbili. Wangu ulikuwa na miwili: kushoto na kulia kwa pamoja, nami nimeuchomeka kwenye tundu moja la maiki. Tundu hilo limetengenezwa litoe tofauti kati ya njia hizo mbili, ili likate uvumi unaoingia kwenye waya mrefu. Sasa mwimbaji na besi kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote mbili. Mikisa inatoa moja kutoka kwa nyingine, jibu linakuwa sifuri. Kinachobaki ni vile vilivyotofautiana kati ya kushoto na kulia. Usijaribu kurekebisha kwa kuwasha `Mono audio` kwenye simu: pande zote zitakuwa sawa, na utapata kimya kitupu.

Dawa yake ni waya unaotoka jeki ndogo ya simu na kugawanyika kuwa jeki kubwa mbili, kila moja na mstari mmoja. Nilikuwa nao chini kabisa ya begi. Nikachomeka chaneli mbili, nikazungusha moja kushoto na nyingine kulia. Mwimbaji akarudi.

Sauti ya simu ni ndogo kuliko ya laptopu yenye kadi ya sauti. Niliipandisha simu hadi karibu na mwisho (ikikuonya kuhusu masikio, kubali, la sivyo itabaki chini), halafu nikafungua geini taratibu hadi taa nyekundu ikagusa, nikarudisha kidogo.

Hatua ya 6: Izibe simu mdomo

Weka hali ya ndegeni ili asipige mtu. Kisha zima kengele zote, maana hali ya ndegeni haizuii kengele, na mimi nina ya saa 3 usiku ya kumkumbusha mama dawa. Betri ilikuwa asilimia 41. Nilipochomeka chaja ya ukutani, spika zikaanza kuvuma mmm. Nikaing'oa, nikatumia pawabenki, uvumi ukaisha kwa sababu pawabenki haijaungana na umeme wa ukumbi.

Hatua ya 7: Upigaji

Simu ina njia moja ya kutoa sauti, huwezi kusikiliza wimbo unaofuata kwenye hedifoni huku mwingine unapiga. Ndiyo maana simu ya dogo ilibaki kwenye chaneli zake. Yangu ni ya matukio, yake ni ya kujazia katikati. Wimbo wa kuingia niliuweka ujirudie, kwa sababu maharusi wetu wanatembea hatua moja kwa dakika. Kushusha sauti fanya kwa feda za mikisa, usiguse kioo. Kidole kikiteleza utaruka hadi kwenye shampeni.

Waliingia saa 2:20. Kuingia, shampeni, keki, vyote vikaenda. Wakati maharusi wanalishana keki, mjumbe wa kamati akanishika bega.

"Fundi, ndafu imefika. Inaingia sasa hivi kabla ya keki ya wazazi. Wajomba wanataka ngoma."

Haikuwa kwenye ratiba. Nikapandisha chaneli za dogo, nikachukua simu yangu, nikaandika `35_ndafu.mp3`, nikaifungua folda upya. Mbuzi alikuwa bado yuko mlangoni.