Somo: t-test ya wastani mbili kwa asainmenti ya takwimu za biashara

Swali la jinsi ya kupima kama wastani mbili zinatofautiana linarudi kila muhula, kwa hiyo nalijibu hapa mara moja.

Mfano wa kubuni: duka la Mwanjelwa na la Uyole, kila moja mauzo ya siku 10, siku za duka moja hazihusiani na za jingine. Mwanjelwa wastani ni 420 (elfu za shilingi), mkengeuko 40. Uyole wastani 380, mkengeuko 50.

1. Andika H0: μ1 = μ2.

2. Andika α. Hapa 0.05.

3. Amua mkia kabla hujagusa kikokotoo. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Swali likiuliza kama mauzo "yanatofautiana", ni mikia miwili. Likiuliza kama Mwanjelwa "inauza zaidi", ni mkia mmoja. Usisubiri uone nani kaongoza ndipo uchague mkia wa upande wake: hapo α yako kwa kweli ni 0.10, kwa sababu upande wowote ungeongoza ungeupa 0.05 nzima. Na uamuzi unaweza kugeuka, kama utakavyoona.

4. Kokotoa t:

```
t = (420 - 380) / √(40²/10 + 50²/10)
  = 40 / √410 = 1.98
```

5. Tafuta digrii za uhuru. Kwa fomula ya Welch, isiyodai mikengeuko ilingane, inatoka 17.17, shusha hadi 17.

6. Fungua jedwali la t. Mikia miwili: 2.110, hivyo 1.98 haifiki na H0 haikataliwi. Mkia mmoja: 1.740, H0 inakataliwa. Data ni ileile.

H0 isipokataliwa, usiandike "H0 ni kweli". Andika kwamba ushahidi wa kuikataa haukutosha.

Maswali

Mnyalu: Mkuu, mimi nimepata 2.3, nakataa au sikatai?

Mwandishi: Mikia mingapi, digrii ngapi? Hatua ya 3 na ya 5.

Mnyalu: Sijaandika hayo, nina haraka.

Mwandishi: Basi hata jedwali huwezi kulifungua.

Dada wa Tukuyu: Samahani kaka, kama ni wateja walewale 10, kabla na baada ya punguzo la bei?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Hizo ni jozi, fomula ya juu haifai. Kwa kila mteja chukua ya baada, toa ya kabla, upate tofauti 10. Tafuta wastani na mkengeuko wa hizo tofauti, kisha gawa wastani kwa mkengeuko/√10. Digrii ni 9. Faida yake ni kwamba mteja mwenye matumizi makubwa analinganishwa na yeye mwenyewe, hivyo tofauti kati ya mteja na mteja haikuvurugi. Kwenye Eksel hii inakupa p, si t, hivyo ilinganishe na α, si na jedwali:

```
=T.TEST(A2:A11,B2:B11,2,1)
```

Namba ya mwisho 1 ni jozi. 3 ni Welch. Ya kabla yake ni idadi ya mikia.

Fundi Kasio: Nyongeza: kwenye kikokotoo chukua `sx`, si `σx`. `σx` inagawa kwa n, mkengeuko unakuwa mdogo na t inavimba.

Mwandishi: Kweli. Kwenye Eksel ni `STDEV.S`, si `STDEV.P`.