Viza ya opea Ujerumani: kagua mkataba kabla ya kupanga foleni

Mwezi uliopita nilimsaidia mpwa wangu, binti wa miaka 25 anayekaa Tabata. Kwenye fomu kazi hii huandikwa Au-pair: unakaa na familia mpaka mwaka mmoja, unasaidia watoto na kazi nyepesi za nyumbani, huku unajifunza lugha.

1. Umri. Ombi liingie kabla hujafikisha miaka 27. Pasipoti unajua pa kuipata.

2. Kijerumani cha A1, kiwango cha mwanzo kabisa. Fanyia mtihani Goethe-Institut, pale Upanga. Kozi za mtaani zinakufundisha kukariri, halafu afisa wa ubalozi anakuuliza majina ya watoto utakaowalea, kwa Kijerumani, unabaki unatoa macho.

3. Mkataba. Hapa ndipo tulipokesha. Familia ilituma karatasi mbili zilizosainiwa, binti akataka kuzipeleka vilevile. Nikamwambia, tulia mama, tuhesabu.

Jumatatu hadi Ijumaa, saa tano kwa siku: saa 25. Chini kabisa wameandika kuwa jioni mbili za mwisho wa wiki atabaki na watoto wazazi wakitoka, saa tatu kila mara. Hizo ni sita nyingine, jumla 31. Sheria inaruhusu 30 kwa wiki na zisizidi sita kwa siku, na kubaki na watoto usiku ni kazi, hata kama wamelala na wewe unatazama runinga. Lazima pia apate siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki.

Kibaya zaidi, Jumamosi alipangiwa kumwogesha bibi wa familia hiyo na kumpa dawa. Opea anaweza kupika chakula cha watoto, kuwapeleka shule, kupiga pasi nguo zao. Kuuguza mzee au mgonjwa ni kazi ya wauguzi, ina viza yake. Ukiona neno Pflege, yaani uuguzi, linamhusu mtu mzima, rudisha mkataba.

Kisha tafuta wajibu wa familia: chumba chake mwenyewe, chakula, posho ya yuro 280 kwa mwezi, yuro 70 kwa mwezi za kozi ya lugha, na bima ya afya, ajali na madhara kwa wengine, zote wakilipa wao. Nauli ya ndege kwa kawaida ni yako, na dalali si lazima. Aliyemfuata binti Kariakoo nilimfukuza mwenyewe.

Chunguza na lugha ya nyumbani kwao. Lazima wazungumze Kijerumani. Kama si lugha yao ya kuzaliwa, opea asitoke nchi moja na wazazi hao, kwa hiyo shangazi yako wa Munich hawezi kukuita hivi. Ndugu hawaruhusiwi kabisa.

Tuliwaandikia barua pepe fupi. Siku nne baadaye ukaja mkataba mpya: jioni moja imefutwa, jumla saa 28, bibi hayumo.

4. Ubalozini. Weka miadi mtandaoni mapema, nenda na nakala za kila kitu na ada ya yuro 75. Binti aliulizwa bibi anakaa wapi. Akajibu, kwa Kijerumani, anakaa nao, ila anahudumiwa na muuguzi.